Kupanga upya chumba kwa picha: picha tupu, picha yenye kipimo, programu ya simu au tepu?

Siku hizi mtu akitaka kupanga upya chumba, huanza na picha. Anasimama mlangoni, anapiga, anaituma WhatsApp kwa dada yake, kwa shoga yake au kwa seremala, na kuuliza: "Hapa unaonaje?" Mimi hutumiwa picha za namna hiyo mara kwa mara na huzipokea kwa furaha, kwa sababu picha huonyesha mambo ambayo mwenye chumba ameyazoea mpaka hayaoni tena. Lakini kuna swali moja ambalo picha peke yake hailijibu, hata iwe safi kiasi gani: kitu hiki kitaenea pale? Na hilo ndilo swali lenye gharama, maana baada yake watu hubeba makabati, huagiza meza na kumlipa fundi.

Njia za kulijibu ni nne: picha tupu, picha iliyowekewa kitu cha kipimo, programu ya simu ya kupimia, na tepu. Nitazipitisha zote kwenye chumba kimoja ili tofauti zake zionekane.

Chumba chenyewe

Tuchukue chumba cha kupanga cha Dar es Salaam, upana mita 3 na urefu mita 3.6, kile ambacho dalali atakiita futi kumi kwa kumi na mbili. Mlango wa sentimita 80 uko kwenye ukuta mfupi, kona ya kushoto unapoingia, na unafungukia ndani hadi kulala kwenye ukuta wa kushoto. Dirisha liko ukuta unaotazamana na mlango. Kitanda cha tano kwa sita kimefuata ukuta wa kushoto, kichwa upande wa dirisha. Kando yake, kwenye ukuta huohuo wa dirisha, limesimama kabati la milango miwili lenye upana wa sentimita 120 na kina cha 60, na limeziba kipande cha dirisha. Mpangaji anataka dirisha lifunguke lote, na anataka nafasi ya meza ya kusomea ya sentimita 120 kwa 60.

Hapo tayari kuna mtego. Tano kwa sita ni kipimo cha godoro kwa futi, yaani sentimita 152 kwa 183. Kitanda chenyewe ni kikubwa zaidi, kwa kuwa seremala huongeza mbao za pembeni na ubao wa kichwani. Kitanda chetu kinafika sentimita 162 kwa 200. Anayeangalia picha na kusema "hicho ni tano kwa sita" ameshapoteza sentimita 17 za urefu kabla hajaanza kupanga.

Picha tupu

Ukisimama mlangoni na simu yako kwenye 1x, ukaishika kwa ulalo usawa wa macho bila kuinamisha, utashangaa jinsi sakafu inavyokosekana. Kamera kuu ya simu nyingi huona pembe ya takriban nyuzi 67 kwa upande mrefu wa picha. Kwa kamera iliyo mita 1.5 juu ya sakafu, sakafu huanza kuingia kwenye picha mita 3 mbele yako. Katika chumba cha mita 3.6, hiyo ni sentimita 60 za mwisho tu, nazo kwa kawaida ziko chini ya kitanda. Ukiisimamisha simu wima hali inakuwa nafuu, kwani sakafu huanza kuonekana kwenye mita 2.3 hivi na ukuta wa mbele bado unaingia wote.

Ndiyo maana watu hubonyeza 0.5. Lenzi hiyo pana hukusanya karibu chumba chote, na picha inapendeza. Bei yake iko kwenye ukuta wa mbali. Katika picha ya 1x ya ulalo, ukuta ule wa mita 3 unachukua karibu theluthi mbili za upana wa picha. Katika 0.5 unachukua chini ya theluthi moja. Ukuta haujasogea hata sentimita, lakini jicho linaona chumba kirefu, ukuta ulio mbali, na uwanja wa sakafu mbele yake. Vitu vilivyo pembezoni mwa picha navyo huvutwa kuelekea nje, kwa hiyo kiti kilicho kwenye kona ya picha huonekana kipana kuliko kiti kilekile kikiwa katikati.

Picha yoyote pia ina tabia ya kubana kina, na hii ndiyo inayopotosha zaidi. Sakafu ya chumba hiki imewekwa marumaru za sentimita 40. Chukua safu inayoanzia mita 1.6 kutoka kwa mpiga picha na kuishia mita 2, kisha chukua safu ya mwisho kabla ya ukuta, kuanzia mita 3.2 hadi 3.6. Zote mbili zina sentimita 40 zilezile. Katika picha ya 0.5 iliyopigwa bila kuinamisha simu, ile ya karibu ina kimo cha zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya mbali. Sasa fikiria nafasi ya sentimita 40 kati ya samani na ukuta. Ikiwa karibu na kamera utaiona kama njia ya kupita, na ikiwa mwisho wa chumba utaiona kama ufa. Anayekushauri kwa macho atakuambia ujaze pale karibu na uache pale mbali, hata kama nafasi mbili hizo ni sawa.

Halafu kuna kitu ambacho picha ya mlangoni haikionyeshi kabisa, nacho ni mlango. Mpiga picha amesimama ndani yake, ubao umelala ukutani nyuma ya bega lake, na hakuna hata alama kwamba pale pana kitu cha sentimita 80 kinachohitaji kuzunguka kila siku.

Katika chumba chetu, mtu aliyeletewa picha ya 0.5 atatoa wazo linaloonekana zuri kabisa. Kitanda kije katikati chini ya dirisha, kabati liende ukuta wa kulia, na meza ikae kushoto karibu na mlango, "maana hapo pako wazi." Pako wazi kwenye picha. Kati ya mguu wa kitanda na ukuta wa mlango pana sentimita 160, na mlango ukifunguka unakula 80 za mwanzo upande huo wa kushoto. Zinabaki 80, na meza ina 120. Basi mtu atasema meza iende kando ya kitanda. Kitanda kikiwa katikati, kila upande unabaki na sentimita 69. Weka meza ya kina cha 60, unabaki na 9. Hapo hata kiti hakiingii.

Hata hivyo picha tupu ina kazi yake, na kwa kazi hiyo naitetea. Itakuambia dirisha limezibwa na nini, soketi iko ukuta upi, mwanga unaingia kutoka wapi, kitu gani kimewekwa juu ya kabati na kinafanya chumba kionekane kimejaa. Itakuonyesha kipi kiko kushoto kwa kipi, ilimradi haikupigwa kwa kamera ya mbele, ambayo kwenye simu nyingine hugeuza kulia na kushoto. Inaaminika pia kwa uwiano wa vitu vilivyo kwenye ukuta mmoja unaotazamana na kamera moja kwa moja. Kama dirisha linaonekana pana kama picha iliyotundikwa karibu nalo, huenda ndivyo lilivyo. Haiaminiki pale unapolinganisha kitu cha mbele na kitu cha nyuma.

Picha yenye kitu cha kipimo

Picha haina ukubwa wake yenyewe. Chumba kidogo kilichopigwa karibu na chumba kikubwa kilichopigwa mbali vinaweza kutoa picha moja. Kinachovunja utata huo ni kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, na karatasi ya A4, sentimita 21 kwa 29.7, inatosha. Ibandike kwenye mlango wa kabati kwa gundi ya karatasi, piga picha ukiwa umelielekea kabati uso kwa uso, kisha hesabu karatasi ngapi zinaingia kwenye upana wake. Zikiingia kama tano na robo tatu, kabati lina sentimita 120.

Sharti ni kwamba karatasi na kitu kinachopimwa viwe umbali mmoja kutoka kwa kamera. Watu wengi huitupa karatasi kitandani na kuona wamemaliza. Karatasi ikiwa mita 1.8 kutoka kwako na kabati mita 3.6, karatasi inaonekana kubwa mara mbili ya inavyostahili ukiilinganisha na kabati. Ukihesabu, kabati la sentimita 120 litatoka na sentimita 60. Hesabu itakuwa sahihi na jibu litakuwa nusu ya ukweli, na hakuna chochote kwenye picha kitakachokutahadharisha.

Sakafu ya marumaru ni bora kuliko karatasi kwa kazi hii, kwa sababu imetandaza kipimo chumba kizima, karibu na mbali. Huhitaji kukadiria kwa jicho jinsi kina kilivyobanwa. Unahesabu vigae. Pima kimoja kwanza, maana viko vya 30, vya 40 na vya 60, kisha hesabu kutoka ubavu wa kitanda hadi ukuta wa kulia. Katika chumba chetu utapata vitatu na karibu nusu, yaani kati ya sentimita 130 na 140. Kwa picha tu, bila kuinama na tepu, umeshajua kwamba kitanda hakiwezi kuja katikati na meza ikapata mahali. Wazo lile limekufa kabla ya mtu kubeba chochote.

Angalia mambo mawili. Kigae cha mwisho ukutani mara nyingi kimekatwa, na kwenye picha kipande cha robo tatu hufanana sana na kigae kizima, hasa kikiwa mbali. Na ukubwa unaoujua ni wa kigae, bila mfereji wa saruji ulio katikati. Kwa vigae vinane au tisa mifereji hiyo huongeza sentimita mbili hivi. Kwa hiyo ichukulie hesabu ya marumaru kuwa na shaka ya kama sentimita 10 huku na huku. Inatosha kulikataa wazo, lakini haitoshi kuagiza samani.

Kama sakafu ni ya saruji tupu au imefunikwa kapeti, tandika kamba au mkanda wa kanga wenye fundo kila sentimita 50, kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbele, kisha ndipo upige picha. Unakuwa umetengeneza marumaru zako mwenyewe kwenye mstari mmoja.

Programu ya simu

Simu za iPhone zina programu iitwayo `Measure`, na kwenye Android zipo za watengenezaji mbalimbali. Unaelekeza kamera, unaweka nukta, unasogea, unaweka nukta ya pili, na namba inatokea. Tofauti yake na picha ni kwamba simu inajua imesogea kiasi gani mkononi mwako, na kwa kuona vitu kutoka sehemu mbili tofauti inakadiria umbali. Simu chache, kama iPhone za Pro kuanzia 12 Pro ya mwaka 2020, zina pia kihisi cha LiDAR kinachopima umbali kwa mwanga, na hizo hufanya vizuri zaidi.

Udhaifu wake unatokana na namna inavyofanya kazi. Inahitaji kuona madoa, michirizi na kona za kushikilia. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe mwanzo hadi mwisho hauipi kitu. Marumaru zinazong'aa huipa kivuli cha dirisha, nayo inaweza kukidhani ni kitu kilicho chini ya sakafu. Kioo cha kabati hufanya vivyo hivyo. Jioni, kwa taa moja, nukta huanza kuteleza. Pia kona ya chini ya ukuta mara nyingi imefichwa na kitanda, basi unaweka nukta kwa kubahatisha, na namba inayotoka inaonekana ya uhakika kwa sababu imeandikwa hadi sentimita.

Njia ya kuijaribu ni kupima nayo mlango wako, ambao upana wake unaweza kuthibitishwa kwa rula ya shule, kisha kupima umbali mmoja mara mbili, kwenda na kurudi. Majibu yakipishana sentimita moja au mbili, itumie kwa makadirio. Yakipishana sentimita saba, achana nayo kwa chumba hicho. Binafsi naona faida yake kubwa ni pale huna tepu na uko kwenye chumba ambacho hujakihamia bado, dalali amesimama nje anakusubiri.

Tepu na daftari la miraba

Tepu ya mita 5 ndiyo inayomaliza ubishi. Kile kikulabu cha mwanzo kinachochezacheza hakijaharibika. Kimeachiwa kiasi cha unene wake makusudi, ili ukikisukuma ukutani au ukikivuta ukingoni mwa meza kipimo kiwe kilekile. Ukipima kona hadi kona, usiukunje utepe kwenye kona na kusoma pale ulipopinda. Lisukume boksi la tepu lifike ukutani, kisha ongeza urefu wa boksi, ambao kwa tepu nyingi umeandikwa juu yake.

Pima upana wa chumba mara mbili, upande wa mlango na upande wa dirisha, kwa sababu plasta haikubali kuwa sawa kila mahali. Kisha pima mishazari yote miwili, kona kwa kona. Chumba cha 3 kwa 3.6 chenye kona za mraba kina mshazari wa mita 4.69. Ukipata 4.69 mmoja na 4.60 mwingine, chumba kimepinda, na kabati litakaloegemea ukuta mmoja litaacha pembetatu kwenye ukuta wa pili. Andika pia kimo cha kizingiti cha dirisha, mahali pa soketi, na upande zilipo bawaba za mlango.

Kisha chora kwenye daftari la hesabu. Mraba mmoja ukiwa sentimita 20, chumba chetu ni miraba 15 kwa 18. Kata vipande vya karatasi kwa kitanda, kabati na meza kwa kipimo hichohicho, na chora mzunguko wa mlango kama robo ya duara yenye nusu kipenyo cha miraba minne. Visogeze.

Ukivisogeza kwenye chumba hiki, jibu linatokea ambalo hakuna aliyeiangalia picha angelifikiria. Kitanda kibaki palepale kilipo. Kati ya ubavu wake na ukuta wa kulia pana sentimita 138. Kabati liondoke dirishani na kuja ukuta wa kulia upande wa mlango, ambako lina sentimita 160 za kukaa na linahitaji 120. Milango yake ya sentimita 60 inafunguka bila kugusa mlango wa chumba. Meza iende ukuta huohuo wa kulia, kando ya kitanda, mwisho kwa dirisha. Inabaki sentimita 78 kati ya meza na kitanda, na kiti kinahitaji kama 75 ili mtu akivute na kukaa. Hapiti mtu nyuma ya kiti, lakini hakuna anayehitaji kupita, kwa sababu ni mwisho wa chumba. Mwanga unaingia kwa ubavu wa anayesoma. Kimehamishwa kitu kimoja tu, na dirisha limefunguka lote.

Zile sentimita tatu, kati ya 78 na 75, ndizo zinazotenganisha njia hizi. Picha tupu isingeziona. Marumaru zingesema "labda." Programu ingesema ndiyo au hapana kutegemea mwanga wa siku hiyo.

Uchague ipi

Kama unahamisha vitu ulivyonavyo tayari na una watu wa kukusaidia kuvirudisha, picha ya 1x ya wima kutoka kona mbili tofauti, pamoja na hesabu ya marumaru, inatosha kabisa. Ukikosea unasukuma tena. Ongeza picha moja iliyopigwa kutoka ndani ukiangalia mlango, ukiwa umefunguliwa, ili ubao wake uonekane.

Kama unaagiza kwa seremala au unanunua dukani, usiende na picha pekee. Nenda na picha kwa ajili ya mtindo na rangi, na namba za tepu kwa ajili ya ukubwa. Nazo ni pamoja na upana wa mlango na wa korido, kwa kuwa kabati linaloenea chumbani linaweza kushindwa kuingia humo.

Walio mbali ndio wanaotegemea picha kuliko wote. Mtu yuko Maskati au Ulaya, chumba kiko Tanga, na kaka mtu anatuma picha kumi nzuri za 0.5. Hapa ningechagua picha na tepu kwa pamoja, picha chache na tepu zaidi. Mwombe avute tepu sakafuni, aiache imelala kutoka ukuta hadi ukuta, na apige picha mbili: moja ya chumba na tepu ikionekana, nyingine ya karibu pale inapogusa ukuta, namba zisomeke. Mwambie azitume kama faili badala ya picha ya kawaida, maana WhatsApp hubana picha na namba ndogo za tepu ndizo zinazoharibika kwanza. Namba za kumwomba ni tano: upana wa chumba, urefu wake, mshazari mmoja, upana wa mlango, na umbali kutoka bawaba za mlango hadi kona ya karibu. Akikujibu "ni kubwa tu, kitaenea," mwombe tena.